Tani Nne Kwenye Pembe A

Eltjo Wiersema alikuwa mwalimu wa hisabati ambaye huna la kumsema, na hilo peke yake lilitosha kumchosha mtu. Miaka ishirini na sita shule ileile pale Delfzijl, kaskazini mwa Uholanzi, baiskeli ileile, kiboksi kilekile cha mkate na jibini, na kikombe ambacho mgeni akikigusa anaombwa kwa upole akirudishe kabatini. Hakuchelewa kazini hata siku ya barafu. Hakumfokea mtu. Wanafunzi walimwita Rula, naye alijua, na tena nadhani jina lenyewe alilipenda. Ubaoni aliandika hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, akapiga mstari chini ya jibu, akageuka. Ukimfuata ulifaulu. Usipomfuata, shauri yako.

Kila mwaka, Mei inapoisha, mtu huyu mtulivu hukosa usingizi. Mtihani wa mwisho ni mmoja nchi nzima, lakini anayesahihisha kwanza ni mwalimu wa mtoto mwenyewe, mwongozo wa usahihishaji ukiwa mezani, alama moja hapa, alama moja pale. Kisha bahasha inakwenda shule nyingine, kwa mwalimu ambaye hukumchagua, naye anasahihisha upya. Halafu mnapigiana simu. Mtahiniwa kwa mtahiniwa, swali kwa swali, mpaka nambari zenu zilingane. Wapo wanaomaliza kwa robo saa na kutakiana likizo njema. Wapo waliogombana simuni mwaka 2011 na mpaka leo hawapeani salamu.

Mwaka wa kisa hiki msahihishaji wa pili aliyemwangukia Eltjo alikuwa Godelieve Smeets wa Roermond, kule chini kabisa kusini. Mwenzake wa meza ya jirani aliposikia jina hilo alishusha kahawa yake, akamtazama Eltjo kwa huruma. Alimwambia kwamba mama huyo ana mkono wa birika. Alama moja haimtoki mpaka umwonyeshe kifungu. Eltjo alijibu kwamba hana wasiwasi, yeye mwenyewe hajawahi kugawa alama ovyo. Na ilikuwa kweli, mpaka alipofika karatasi ya Jikke Rozema.

Jikke alikuwa na miaka kumi na minane, binti wa watu wa mashua za mizigo. Baba na mama yake walibeba kokoto kwenye mifereji, leo Groningen, kesho kutwa Rotterdam, na nyumba yao ilikuwa hukohuko nyuma ya usukani. Tangu ana miaka saba aliishi bweni la watoto wa mabaharia wa mifereji, na Ijumaa alipanda treni kwenda popote mashua ilipotia nanga. Msichana wa maneno machache, mabega mapana, mwandiko mbovu. Mwaka uliopita alifeli. Alirudia darasa, na shule hairuhusu kurudia mara mbili. Chuo cha maofisa wa meli kilikuwa kimemwekea nafasi ya Septemba, akileta cheti. Masomo mengine alikuwa ameyavuka. Ilibaki hisabati, na hisabati ilikuwa imemkaba koo.

Swali lenyewe lilikuwa la kumi na nne, lenye alama tano. Pembetatu yenye pembe A, B na C. Juu ya upande BC kuna nukta D, na kutoka B hadi D ni sehemu moja, kutoka D hadi C ni sehemu mbili. Juu ya upande AC kuna nukta E, na kutoka A hadi E ni sehemu moja, kutoka E hadi C ni sehemu nne. Mstari AD na mstari BE inakatana kwenye nukta S. Tafuta uwiano kamili wa AS kwa SD. Nukta zote zilikuwa zimepewa nambari zake kwenye mchoro, na mwongozo ulikuwa wazi: mlinganyo wa mstari AD, alama moja, mlinganyo wa mstari BE, alama moja, kuilinganisha, moja, kupata mahali pa S, moja, jibu, moja. Jibu ni tatu kwa nne.

Jikke hakuwa na mlinganyo hata mmoja. Aliandika hivi, kwa mwandiko ule wake wa kukimbia: A tani 4, B tani 2, C tani 1. B na C pamoja, tani 3, kituo D. A na C pamoja, tani 5, kituo E. Mzigo wote una kituo kimoja tu, kwa hiyo kiko juu ya AD na juu ya BE, ni S. Kwenye AD: tani 4 pale A, tani 3 pale D. AS kwa SD ni 3 kwa 4. Basi, na mstari chini.

Eltjo alisoma tani, akasoma tena tani, akaweka sifuri. Hakukasirika hata kidogo. Swali halikuwa na tani, mwongozo haukuwa na tani, na jibu sahihi lisilo na njia halina alama. Aligeuza ukurasa akaendelea.

Kosa lake alilifanya baadaye, na alijua ni kosa wakati analifanya. Msahihishaji hapaswi kupiga hesabu ya nani anapita na nani anaanguka kabla ya kazi kwisha. Ukishajua, jicho lako si lako tena. Lakini alikuwa amemfundisha msichana huyu miaka miwili mfululizo. Alijumlisha. Akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Hata kama kipimo cha taifa, yaani alama za kufaulia ambazo hutangazwa siku ya matokeo, kingekuwa cha huruma, Jikke alikuwa amepungukiwa alama nne.

Hapo ndipo alipolirudia swali la kumi na nne. Sikufichi: kama si zile alama nne, asingelirudia.

Alichukua karatasi safi. Tani mbili pale B, umbali sehemu moja. Tani moja pale C, umbali sehemu mbili. Mbili mara moja, moja mara mbili. Sawasawa, mzigo unatulia pale D. Tani nne pale A, umbali moja. Tani moja pale C, umbali nne. Sawasawa tena, unatulia pale E. Hizo tani hazikuwa za kubuni tu, zilikuwa zimechaguliwa. Aliweka kalamu chini. Mzigo wa pembe tatu, ukianza kuunganisha B na C, kituo cha mzigo wote, yaani pale unapotulia bila kuinama, kinakuwa mahali fulani juu ya AD. Ukianza kuunganisha A na C, kinakuwa juu ya BE. Lakini mzigo ni uleule, hauwezi kuwa na vituo viwili. Basi ni pale mistari inapokatana. Na juu ya AD kuna tani nne upande mmoja na tatu upande mwingine, kwa hiyo S iko karibu zaidi na A: tatu kwa nne.

Ilikuwa sahihi. Si karibu na sahihi, si bahati. Ilikuwa sahihi kabisa, na fupi kuliko ya mwongozo. Na mwanzoni mwa mwongozo wenyewe kuna kifungu ambacho kila msahihishaji amekisoma na kukisahau: jibu lisilomo humu, lakini ambalo ni sahihi kwa hoja za somo, lipewe alama kwa kadiri ileile. Alifuta sifuri, akaandika tano. Hakujua kama ameona kilichopo au ameona anachokitaka.

Bahasha ilikwenda Roermond. Wiki moja baadaye, Alhamisi saa tatu asubuhi, Bi Smeets alipiga simu. Nambari zilipaswa kuingizwa kwenye mfumo kabla ya saa kumi jioni siku hiyohiyo, na wao wawili walikuwa na watahiniwa ishirini na saba.

Kazi ilikwenda vizuri kuliko Eltjo alivyotarajia. Alikuwa mama wa sauti kavu, hana maneno ya ziada, lakini ni wa haki. Alipunguza alama hapa, Eltjo akakubali. Eltjo akaonyesha kitu pale, yeye akairudisha. Walifika mtahiniwa wa kumi na tisa, ambaye ni Jikke, ingawa kule Roermond alikuwa nambari tu. Swali la kumi na tatu, sawa. Swali la kumi na nne, Bi Smeets akasema ana sifuri.

Eltjo alisema ana tano.

Kutoka tano hadi sifuri ni umbali ambao wasahihishaji hawauoni mara nyingi. Bi Smeets aliuliza kama wanazungumzia karatasi moja. Kisha akasema, kwa utulivu wa kuudhi, kwamba yeye ameona jibu sahihi na juu yake maneno ya bandarini. Hakuna mlinganyo, hakuna nukta, na tani zimetoka wapi? Kwa maoni yake mtoto aliona tatu kwa nne kwa jirani, akatunga nambari za kulifikia.

Eltjo alianza kueleza, na akajisikia anaeleza vibaya. Alikuwa anakimbia. Aliruka hatua, yeye ambaye maisha yake yote ni hatua. Bi Smeets alimwacha amalize.

"Nikuulize kitu, Bwana Wiersema, na usinione mkorofi," alisema. "Hao wengine ishirini na sita, karatasi zao nazo ulizisoma kwa mapenzi namna hii?"

Alishikwa pabaya. Joto lilimpanda usoni, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, peke yake chumbani. Angeweza kujitia hamnazo. Lakini mwongo alikuwa hajawahi kuwa, hata wakati uongo ungemfaa.

"Hapana," alisema. "Hii niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimpa sifuri kama wewe. Nikajumlisha alama zake, ndipo nikarudi."

"Asante kwa ukweli. Sasa unaelewa kwa nini siwezi kukusikiliza tu."

"Usinisikilize mimi. Nipe pembetatu yako mwenyewe."

Alikuwa hajapanga kusema hivyo, yalimtoka. Bi Smeets aliguna. Halafu, labda kwa kuwa naye alikuwa mwalimu wa hisabati kabla hajawa mtu wa kuogopwa, alikubali. Alisema: BD mbili, DC tatu. AE moja, EC mbili. AS kwa SD?

Eltjo aliandika huku akisema kwa sauti ili asikike. Pale B na C, umbali ni mbili na tatu, basi B apewe tani tatu na C tani mbili, ili sita ilingane na sita. Sasa A: umbali moja dhidi ya mbili, C ana tani mbili, basi A apewe nne. D imebeba tatu na mbili, ni tano. A ana nne, D ana tano. AS kwa SD ni tano kwa nne. Hakufika hata dakika.

Kutoka Roermond ilisikika kalamu tu. Bi Smeets alikuwa anakwenda kwa njia ya mwongozo, mistari miwili, milinganyo miwili, na Eltjo alisikia kila pumzi yake. Saa ya ukutani ilisonga. Alimwomba Mungu, yeye ambaye kanisani huonekana Krismasi tu, kwamba asiwe amekosea kujumlisha tatu na mbili.

"Tano kwa nne," alisema Bi Smeets mwishowe. Na kabla Eltjo hajashusha pumzi akaongeza kwamba kutokea mara moja si kuthibitisha, na kwamba hata saa mbovu huonyesha saa sahihi mara mbili kwa siku.

Lakini sauti ilikuwa imebadilika, na Eltjo naye alikuwa ametulia. Safari hii alieleza kama anavyoeleza darasani, hatua kwa hatua. Kwamba mzigo mmoja una kituo kimoja, uuhesabu kuanzia upande wowote. Kwamba ukianza na B na C unalazimika kuwa juu ya AD, na ukianza na A na C unalazimika kuwa juu ya BE. Kwamba hilo halitegemei tani hizi wala pembetatu hii. Na kwamba mtoto hakuliacha hewani: lipo, mstari wa nne, mzigo wote una kituo kimoja tu. Alimwomba ausome.

Bi Smeets aliusoma kwa sauti, taratibu, neno kwa neno. Akasema huo alikuwa ameuruka.

Ungedhani yameisha. Mama yule alikuwa na kichwa kigumu, na ukimwangalia kwa haki, kazi yake ndiyo hiyo. Alikubali kwamba njia ni sahihi. Alikubali hata kwamba ni nzuri. Ila ilikuwa nzuri mno kwa karatasi ile, alisema. Mtahiniwa huyuhuyu swali la tatu ameshindwa kutafuta mteremko wa mstari. Watu hawabuni njia kama hii ndani ya chumba cha mtihani, jasho likiwatoka, halafu swali jepesi likawashinda. Kama jibu alilipata kwa jirani na tani akazitafuta kwa kubahatisha mpaka zikakubali, hiyo si hoja yake, ni pambo. Angempa moja, ya jibu. Kama Eltjo haafiki, basi waite msahihishaji wa tatu, na shule zao zianze kuandikiana barua.

Moja haikufaa kitu. Moja na sifuri kwa Jikke zilikuwa kitu kimoja. Na msahihishaji wa tatu, ambaye angeletewa karatasi na mwongozo tu, angeona nini? Angeona tani.

"Umemfundisha miaka mingapi?" aliuliza Bi Smeets.

"Miwili."

"Mtu mwenye njia kama hii mfukoni haitumii mara moja tu. Katika miaka hiyo miwili umewahi kuiona kwake?"

"Sijawahi," alisema Eltjo.

Lilimtoka haraka, na lilipomtoka tu alilitilia shaka. Kwa sababu lile neno, tani, alipolisoma mara ya kwanza Mei, hakulishangaa. Alilichoka. Na mtu hachoki kitu ambacho hajawahi kukiona.

Alimwomba Bi Smeets asubiri. Mitihani ya ndani ya mwaka, ile ambayo nusu ya alama ya mwisho hutoka humo, ilikuwa kwenye kabati nyuma yake, imepangwa kwa mwezi, kama unavyotarajia kwa mtu kama yeye. Alivuta faili la Januari. Rozema. Swali la tatu, alama sita, pembetatu nyingine, uwiano mwingine. Na pale chini, kwa mwandiko uleule wa kukimbia: A tani 6, B tani 1, C tani 3. Mistari minne na jibu. Juu yake, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko mzuri ulionyooka anaoufahamu kuliko wa mtu yeyote duniani, sifuri. Na pembeni: Hii si njia.

Alisimama pale pale na karatasi mkononi. Alihakiki kwa kichwa. Ilikuwa sahihi. Alama sita zilizokuwa za msichana huyu tangu Januari, yeye alizifuta kwa nusu dakika, labda huku akinywa kahawa. Shimo ambalo sasa alikuwa anapigana kumtoa, sehemu yake alilichimba yeye.

Na tazama jinsi mambo yalivyokaa. Hii karatasi ndiyo ushahidi pekee kwamba tani ni za Jikke mwenyewe. Lakini kuionyesha ni kumwonyesha mtu mwingine, tena Godelieve Smeets, sifuri yake. Alama za ndani zilikuwa zimefungwa na kutiwa sahihi zamani. Hakuna mtu angefungua faili lile. Julai mwakani lingekwenda kwenye mashine ya kukatakata karatasi. Angeweza kurudi kwenye simu na kusema hakuna kitu, wampe moja, na asionekane mbaya kwa mtu yeyote.

Aliipiga picha kwa simu yake ya mkononi, akaituma. Kisha akachukua simu ya mezani.

"Nilikudanganya bila kukusudia," alisema. "Nimewahi kuiona. Angalia barua pepe yako. Mwandiko mwekundu ni wangu."

Alisikia kiti kikisogezwa kule kusini. Alisikia kalamu tena, maana mama yule hakuamini hata picha mpaka aipigie hesabu mwenyewe. Zilipita dakika tatu, au nne.

"Sahihi," alisema Bi Smeets. Halafu, polepole zaidi: "Mara zote mbili."

"Ndiyo."

"Ungesema hujaona kitu, ningekuamini, Bwana Wiersema."

Bi Smeets alikohoa, akasema anaandika tano, na Eltjo naye aandike tano, na sasa mtahiniwa wa ishirini, swali la kwanza. Walimaliza saa saba na nusu. Mwishoni, kabla ya kukata, alimwambia kwamba kuanzia mwakani atasoma kwanza karatasi na kufungua mwongozo baadaye, na kwamba asimwambie mtu kuwa Smeets amesema hivyo.

Mchana huohuo Eltjo alikwenda kwa mkurugenzi wa shule na karatasi ya Januari. Hakuzunguka, alisema alimnyima mwanafunzi alama sita kwa uvivu wa kufikiri na anataka zirudishwe. Mkurugenzi alikuwa mtu mwema na mwoga. Alitikisa kichwa, akasema muda wa rufaa ulikwisha Machi, mwanafunzi mwenyewe alisaini, alama zimeshapelekwa, na kuzifungua sasa ni kufungua za kila mtu. Eltjo alibishana, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Hakupata kitu. Aliomba basi malalamiko yake yawekwe kwenye faili kwa maandishi, na hilo alikubaliwa kwa shingo upande.

Kwa hiyo Jikke alibaki na zile tano tu. Siku ya matokeo kipimo cha taifa kilitangazwa asubuhi, nambari zikaingizwa, na jina lake likatoka upande wa juu wa mstari, kwa chupuchupu, alama moja tu zaidi ya ile iliyohitajika. Alipigiwa simu akiwa juu ya mashua karibu na Zwolle. Inasemekana baba yake alipiga honi mpaka mlinzi wa lango la maji akatoka kumtukana.

Alikuja shuleni wiki iliyofuata kutia sahihi cheti. Eltjo alikuwa ameomba awe yeye wa kumpokea. Alimngoja mezani, karatasi ya Januari mbele yake, na alikuwa amejiandalia maneno, lakini alipomwona anaingia na mabega yake mapana, ameungua na jua puani, aliyaacha. Alisukuma karatasi kwake.

"Swali la tatu, Jikke. Ulikuwa sahihi. Nilikosea mimi. Nimejaribu kukurudishia alama zako, wamekataa. Naomba radhi."

Jikke aliangalia ile sifuri nyekundu bila mshangao wowote.

"Najua nilikuwa sahihi," alisema. "Nilirudia kwa mistari, ikatoka ileile. Baba anapanga kokoto hivyo kila siku, mashua isilale ubavu."

"Sasa kwa nini hukuja kuniambia?"

"Nilikuja, Mwalimu."

"Lini?" aliuliza Eltjo.

"Ulipokuwa unarudisha karatasi. Nilinyoosha mkono nikauliza habari ya tani. Ukawauliza darasa kama kuna aliyeona bandari ndani ya pembetatu. Wakacheka. Na wewe ulicheka." Alisema bila chuki, kama mtu anayetaja hali ya hewa ya juzi. "Nikaona basi."

Alitafuta siku hiyo kichwani mwake, akaitafuta kwa bidii, darasa, Januari, mkono ulionyooshwa. Hakuipata. Kwake haikuwa imetokea. Aliuliza swali moja lililobaki, ingawa hakuwa na hakika anataka jibu lake.

"Na kwenye mtihani wa mwisho? Ulijua mimi ndiye nitakayesahihisha. Ulijua nilivyoichukulia. Kwa nini uliziandika tena?"

"Kwa sababu hii inasomwa na wawili," alisema Jikke. "Nilijua wewe utanipa sifuri. Nikamwandikia yule mwingine."

Eltjo alifungua mdomo. Ilikuwepo simu nzima iliyochukua zaidi ya saa nne ambayo angeweza kumsimulia, na sifuri ya Roermond, na ni nani aliyempigania nani. Akaufunga. Alimgeuzia cheti, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi, na Jikke akaandika jina lake kwa mwandiko ule mbovu.